Unataka mwaka mmoja nje ya kazi na nafasi yako ibaki? Mwongozo kamili wa kuomba

Watu wengi wakiomba mwaka mmoja nje ya kazi wanaandika barua ndefu ya kueleza kwa nini wanaondoka, mama anaumwa, nimepata chuo, mume kahamishwa, na bosi anaisoma anasikitika kidogo halafu anaiweka pembeni. Maana kuondoka kwako hakumsumbui sana, watu wanaondoka kila siku. Kinachomuumiza kichwa ni huo mwaka kazi yako inafanywa na nani, na siku ukirudi yule aliyekushikia anaenda wapi. Ukiyajibu hayo mawili vizuri umeshamaliza nusu ya kazi, na mwongozo huu karibu wote ni kuhusu hayo.

Nazungumzia sekta binafsi Tanzania. Watumishi wa umma mna Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, maombi yenu yanapita kwa mwajiri kwa utaratibu wake, msiige barua ya hapa moja kwa moja. Ndugu zetu wa Kenya mambo yanafanana sana, Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa siku 21 za likizo ya mwaka na miezi mitatu ya uzazi, lakini mwaka mzima bila malipo ni makubaliano yako na mwajiri tu.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka siku 28, likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, uzazi siku 84 au 100 kama umejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwaka wa mapumziko haumo. Halafu kuna kitu watu hawakijui, mama akitoka likizo ya uzazi mwajiri akamkatalia kurudi kazini, sheria inahesabu moja kwa moja kwamba kamwachisha kazi, lakini wewe wa mwaka mmoja hujawekewa mstari kama huo. Kinga yako ni karatasi mtakayosaini. Kama karatasi inasema "utarudi kwenye nafasi yako tarehe fulani", una kitu mkononi. Kama inasema "ombi lako la kurudi litafikiriwa", huna kitu, umeacha kazi kwa lugha ya upole.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili tusipotee. Chukua dada mmoja mhasibu, kampuni ya usambazaji Dar, yupo pale miaka sita, mshahara milioni 1.8 kwa mwezi. Kapata skolashipu ya Chevening kwenda kusoma masters Uingereza. Nimechagua hii makusudi kwa sababu masters nyingi za kule ni mwaka mmoja kamili, na Chevening wana sharti kwamba ukimaliza urudi nchini kwako ukae angalau miaka miwili. Mtaona hilo sharti linavyomsaidia. Wewe kama unaenda kuuguza mzazi Songea au kulea mtoto hatua ni zile zile, badilisha sababu tu.

Hatua ya kwanza: soma ulichonacho kabla hujafungua mdomo

Tafuta mkataba wako wa ajira, sera ya utumishi ya kampuni, na kama kazini kuna chama cha wafanyakazi uliza kuhusu mkataba wa hali bora. Humo tafuta vitu vinavyoitwa likizo bila malipo, likizo ya masomo, au ruhusa maalum. Mara nyingi utakuta mstari mmoja tu, kitu kama "menejimenti inaweza kutoa likizo bila malipo kwa muda usiozidi siku 30". Usikate tamaa kuona hizo siku 30. Huo ni ukomo wa meneja wako au wa afisa utumishi, maana yake ombi lako lazima lifike kwa mkurugenzi au bodi, na ni vizuri ujue mapema barua inaishia meza ya nani kuliko kukaa miezi miwili unasubiri jibu kwa mtu asiye na mamlaka ya kulitoa.

Angalia pia kama kuna mtu alishawahi kupewa. Uliza kimya kimya. Kama yupo aliyepewa miezi sita miaka ya nyuma na akarudi, hiyo ni silaha, ila usiitumie kwa ubishi wa "mbona fulani mlimpa". Itaje tu kwamba kampuni ina uzoefu nalo.

Soma na mikopo yako. Hapa wengi wanaumia. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara hauko kwenye likizo hata kama wewe uko likizo, mshahara ukikatika benki wanaanza kukupigia simu mwezi wa kwanza tu. Nenda benki mapema uulize kama wanaweza kusogeza marejesho, na kama hawawezi weka pembeni marejesho ya miezi 12 kwenye akaunti ile ile wanayokata. Saccos nako wahi, maana huko ukikwama wanaoumia ni wadhamini wako, na hao ndo watu utakaokaa nao ofisi moja ukirudi. Mkopo wa bodi ya elimu ya juu mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara, mshahara usipokuwepo hakuna makato yanayoenda, kwahiyo waandikie bodi mwenyewe mkubaliane utalipaje usije ukakuta deni limekaa tu mwaka mzima.

Hatua ya pili: panga tarehe kwa kalenda ya kazi

Dada yetu chuo kinaanza mwisho wa Septemba 2026. Kinachomjia haraka ni kuomba Septemba mpaka Septemba basi. Lakini mhasibu ana kalenda yake, hesabu za mwaka zinafungwa 31 Desemba, wakaguzi wanaingia miezi ya mwanzo. Akiondoka Septemba 2026 akarudi Septemba 2027 anakosa ufungaji mmoja tu na ukaguzi mmoja tu, na anarudi miezi mitatu kabla ya ufungaji unaofuata. Hiyo sentensi iingie kwenye barua. Angeondoka katikati ya Desemba akarudi katikati ya Desemba inayofuata, kwa mwaka mmoja ule ule angekosa ufungaji mmoja wote na kuukuta wa pili umeshaanza, na bosi angeliona hilo kabla yake.

Kila kazi ina msimu wake. Mwalimu wa shule binafsi mwaka wake ni Januari mpaka Desemba, akiomba Juni mpaka Juni kaharibu miaka miwili ya masomo. Mtu wa mauzo, mtu wa mradi wenye mfadhili, wote wana miezi ambayo hawatakiwi kukosekana, na wewe ndo unaijua kuliko mtu wa utumishi.

Likizo yako ya mwaka iliyobaki itumie mwanzoni. Dada ana siku 14 zimebaki, na likizo zetu zinahesabiwa siku mfululizo, wikiendi ndani, kwahiyo anazichukua kuanzia Jumatatu tarehe 7 Septemba mpaka 20 Septemba 2026, analipwa. Mwaka bila malipo unaanza 21 Septemba 2026 unaisha 20 Septemba 2027. Siku ya mwisho mezani ni Ijumaa tarehe 4. Tarehe ya kuripoti ni Jumanne 21 Septemba 2027. Ziandike hivyo, siku na tarehe. Ukiandika "takribani mwaka mmoja kuanzia Septemba" umetengeneza ugomvi wa mwakani.

Na weka upenyo. Tasnifu za masters za Uingereza nyingi zinakusanywa mwishoni mwa Agosti au Septemba, ikichelewa kidogo na tiketi ikasumbua umeshapitiliza. Omba humo humo kwamba unaweza kuongeza siku zisizozidi 30 ukitoa taarifa ya maandishi mapema. Mwajiri aliyekubali miezi 12 hawezi kugombana na mwezi mmoja aliouona tangu mwanzo, ila mwezi huo huo ukija kwa ghafla Septemba ya kurudi utaonekana mtoro.

Hatua ya tatu: mpango wa nani anashika kazi

Hapa kaa muda mrefu. Chukua karatasi uandike kazi zako zote za mwezi mzima halafu uzigawe mafungu matatu: zinazoweza kufanywa na mtu aliyepo, zinazohitaji mtu mpya, na zinazoweza kulala au kupelekwa nje kwa muda.

Kwa dada yetu ilikuwa hivi. Malipo ya wasambazaji, usuluhishi wa benki kila mwezi na ritani za kodi anaweza mhasibu msaidizi ambaye tayari anafanya nusu yake, anakaimu kwa posho ya laki tatu kwa mwezi. Kazi za chini za huyo msaidizi, kuingiza risiti, kufuatilia ankara, anachukuliwa kijana aliyemaliza chuo kwa mkataba wa mwaka kwa laki saba. Ufungaji wa mwaka na kukaa na wakaguzi ndo kitu kigumu, hapo anapendekeza mhasibu wa nje aje kwa muda mfupi Januari na Februari.

Hesabu yake: yeye anagharimu 1,800,000 kwa mwezi, mpango unagharimu 300,000 + 700,000 = 1,000,000. Tofauti ni 800,000 kwa mwezi, miezi 12 inakuwa 9,600,000, na humo ndo anatoka mhasibu wa nje na bado inabaki. Na mchango wa NSSF wa mwajiri, ile asilimia 10, laki na elfu themanini kila mwezi kwa mshahara wake, nao unasimama kwa mwaka huo. Hesabu kama hii kwenye ukurasa mmoja inafanya kazi kuliko aya tano za "nimeitumikia kampuni kwa uaminifu".

Sasa sikiliza, kuna mtego humu ambao watu hawauoni. Mpango ukiwa mzuri kupita kiasi bosi anajiuliza, kama tunaishi bila wewe kwa milioni moja, tunakurudisha kwa milioni moja na laki nane ya nini? Na yule kaimu akikaa mwaka akazoea, watu wa benki na wakaguzi wakazoea sauti yake, siku ukirudi wewe ndo unaonekana mgeni. Kwahiyo mpango lazima uonyeshe wazi kwamba ni wa kushikilia. Mambo matatu yanasaidia. Mwenye nafasi awe "kaimu" kwa maandishi na barua yake iwe na tarehe ya mwisho. Kijana wa mkataba barua yake iseme anajaza pengo la mtu aliye likizo, kwa sababu sheria yetu inatambua kwamba mfanyakazi wa muda maalum anaweza kuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa mkataba, na mwajiri asipokuwa makini anajikuta ana watu wawili wanaodai kiti kimoja, hilo mwambie bosi kabisa, ni faida yake. La tatu, taja kazi zinazosimama kukusubiri, mfano ule mfumo mpya wa stoo mliotaka kuuanza, sema utaufanya ukirudi na elimu uliyoipata. Kitu fulani kiwe kinakusubiri wewe.

Hatua ya nne: ongea kabla ya kuandika

Usimtumie bosi imeili ya ghafla, na usianze na utumishi ukamruka bosi wako wa karibu, kwetu hiyo ni dharau na atalikataa hata kama alikuwa analipenda. Omba dakika 20, mlango umefungwa.

Lini? Ushauri wangu usiseme wakati unaomba skolashipu, wengi hawapati na utakuwa umejitangaza kwamba akili yako iko nje. Sema ukishapata jibu la uhakika. Chevening majibu yanaanza kutoka katikati ya Juni, basi wiki ile ile dada anamwona bosi, barua inaingia kabla Juni haijaisha, anataka saini mwisho wa Julai, na Agosti yote ni ya makabidhiano. Kama una sababu isiyo na tarehe, ya mgonjwa kwa mfano, toa angalau miezi miwili pale hali inaporuhusu.

Maongezi yawe namna hii:

"Bosi shikamoo, naomba nikushirikishe jambo kabla sijaliandika. Nimepata nafasi ya masters, mwaka mmoja, inalipiwa yote. Sitaki kuacha kazi hapa, nataka kurudi. Nimeandaa jinsi kazi itakavyoenda na gharama zake, naomba uipitie unirekebishe halafu ndo niandike barua rasmi."

Hilo la "unirekebishe" lina kazi yake. Akishatia mkono kwenye mpango, akabadilisha mtu mmoja au tarehe moja, umekuwa mpango wake na yeye ndo atakayeutetea juu.

Hatua ya tano: barua

Fupi, ukurasa mmoja, mpango na hesabu viwe kiambatisho. Kwa mfano wetu:

"Meneja Rasilimali Watu,
Kupitia kwa Mkuu wa Idara ya Fedha.

YAH: OMBI LA LIKIZO BILA MALIPO YA MIEZI 12 NA KUSHIKILIWA KWA NAFASI YANGU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni Mhasibu katika Idara ya Fedha tangu mwaka 2020. Naomba likizo bila malipo kuanzia tarehe 21 Septemba 2026 hadi tarehe 20 Septemba 2027, kwa ajili ya masomo ya shahada ya uzamili nchini Uingereza. Nitaripoti kazini Jumanne tarehe 21 Septemba 2027.

Naomba katika kipindi hicho ajira yangu iendelee bila kukatika, na nirejee kwenye nafasi yangu ya Mhasibu, au nafasi nyingine yenye daraja, majukumu na mshahara usiopungua wa sasa endapo nafasi hiyo haitakuwepo.

Tarehe hizi zinaniwezesha kurejea miezi mitatu kabla ya kufunga hesabu za mwaka 2027. Sharti la ufadhili linanitaka kurejea nchini na kubaki kwa muda usiopungua miaka miwili.

Nimeambatisha mpango wa utekelezaji wa majukumu yangu na makadirio ya gharama. Naomba tupate kikao kabla ya tarehe 10 Julai 2026 ili makubaliano yaandikwe kama nyongeza ya mkataba wangu wa ajira.

Natanguliza shukrani."

Angalia vitu viwili humo. Kichwa chenyewe kimetaja kushikiliwa kwa nafasi, mtu akisoma kichwa tu ameshajua unataka nini, hawezi kusema alidhani unaomba ruhusa ya kuondoka. Na sharti la miaka miwili limewekwa kama taarifa tu, hakuna maombi wala machozi, ila mwajiri anachosikia ni kwamba huyu mtu hawezi kubaki Ulaya. Hofu namba moja ya mwajiri ni kukushikia kiti mwaka mzima halafu ukae huko huko. Kama huna sharti la namna hiyo unaweza kujifunga mwenyewe, andika kwamba ukirudi utafanya kazi si chini ya mwaka mmoja. Usijifunge zaidi ya unachoweza na usikubali kifungu cha kulipa fidia kama hawajakulipia chochote, mtu ambaye hajatoa hata senti kwenye masomo yako hana anachorudishiwa.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kama ofisi yenu ni ya imeili tuma na imeili pia, na jitumie nakala kwenye imeili yako binafsi kwa sababu ya ofisini wataifunga ukiondoka.

Hatua ya sita: majibu watakayokupa na jinsi ya kuyachukua

Jibu la hatari kuliko "hapana" ni hili: "Andika barua ya kuacha kazi, ukirudi tutakuchukua, we ni mtu wetu." Linasemwa kwa upendo kabisa na wakati mwingine anayelisema anamaanisha. Lakini ukisaini kuacha kazi ajira imeisha, miaka yako sita imefungwa, ukirudi ni mwajiriwa mpya mwenye kipindi cha majaribio, na yule aliyekuahidi anaweza kuwa ameshahama. Hata kiinua mgongo kinaguswa, kile cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza mpaka miaka kumi, kinahesabiwa kwa utumishi mfululizo, ukiukata mwenyewe unaanza sifuri. Jibu kwa adabu: "Nashukuru bosi, ila mimi siachi kazi, naomba tuiandike kama likizo hata kama masharti yatakuwa magumu." Wakikataa kabisa hapo unaamua, lakini uamue ukijua kwamba unaacha kazi.

Jibu lingine ni "tutakupa miezi sita". Kama ni kuuguza mgonjwa chukua, uweke kifungu cha kuongeza. Kama ni masomo ya mwaka usichukue ukitegemea kuombea mbele ya safari, hiyo ya kuongezewa inakataliwa kirahisi maana wewe uko mbali na kaimu kazoea.

Na kuna "utarudi kwenye nafasi yoyote itakayokuwepo". Hapa pana nafasi ya kuvutana. Mwajiri ana haki ya kuogopa, mwaka ni mrefu, idara zinabadilika. Mpe uhuru wa jina la nafasi lakini shikilia daraja, mshahara na mkoa. Mkoa watu wanausahau halafu unarudi unaambiwa nafasi ipo, Sumbawanga, na wewe familia iko Kimara.

Hatua ya saba: nyongeza ya mkataba

Wakikubali usiridhike na "ombi lako limekubaliwa" ya sentensi mbili. Omba nyongeza ya mkataba isainiwe na pande zote mbili, na mwenye kusaini upande wa kampuni awe ana mamlaka hayo. Yaliyomo yawe haya: tarehe ya kuanza, kuisha na kuripoti, na zile siku 30 za upenyo, ajira inaendelea na miaka ya nyuma inabaki, na mseme wazi kama mwaka wa likizo wenyewe unahesabiwa kwenye miaka ya utumishi au hauhesabiwi, utarudi nafasi gani na mshahara usiopungua kiasi gani, NSSF, yako na ya mwajiri, inasimama na inaanza tena mwezi wa kurudi, bima ya afya yako na ya wategemezi inakuwaje, vifaa vya kampuni vinarudishwa lini.

Kuhusu mwaka kuhesabiwa, kwa maoni yangu usipiganie sana. Waachie hilo upate la nafasi. Muhimu ni mstari unaosema haukatwi mwendelezo. NSSF nako usihofu kupita kiasi, pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, ukikosa 12 umesogeza mbele tu, michango uliyokwisha kuweka haipotei. Bima ndo inauma haraka, kama watoto wako wako kwenye kadi ya kazini na michango inasimama, kadi inaweza kukataliwa hospitali wiki chache baadaye na wewe uko Leeds. Uliza kama unaweza kulipia mwenyewe mchango wote kwa mwaka huo, na kama haiwezekani tafuta bima nyingine kabla hujapanda ndege.

Weka na mstari wa kupunguza wafanyakazi. Huwezi kuwazuia wasipunguze, lakini wewe bado ni mwajiriwa, na sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na wafanyakazi kabla ya kupunguza. Andikeni kwamba taarifa yoyote ya namna hiyo itatumwa kwenye imeili yako binafsi na namba yako ya wasap, maana tangazo la ubaoni wewe hulioni.

Kama kuna kifungu cha kutofanya kazi kwingine wakati wa likizo kisome vizuri. Mwanafunzi anayefanya kazi ya saa chache supamaketi huko ughaibuni hamsumbui mtu, lakini kama kifungu kinasema "kazi yoyote ya kipato" umeshakivunja. Omba kiseme kazi yenye mgongano na biashara ya kampuni.

Hatua ya nane: mwaka wenyewe na kurudi

Makabidhiano yaandikwe na yasainiwe, nywila, funguo, mafaili, mambo yanayoning'inia, nani anadaiwa. Yasiposainiwa, shilingi yoyote itakayopotea mwaka huo itaanza kutafutwa kwako.

Ukiwa nje wasiliana kidogo tu, ujumbe kwa bosi kila baada ya miezi mitatu minne unatosha. Usikubali kugeuzwa mfanyakazi wa simu usiyelipwa, kaimu akikupigia kila siku unamnyima kazi na unajinyima mwaka wako. Unachotakiwa kukiangalia ni dalili: tangazo la nafasi yako limewekwa, kaimu kaandikwa jina kamili la cheo bila neno kaimu, umetolewa kwenye makundi ya idara, utumishi hawajibu imeili. Ukiona moja usigombane kwa simu, andika imeili fupi ya kukumbusha makubaliano na tarehe yako ya kurudi, uambatanishe ile nyongeza.

Miezi mitatu kabla, kwa dada yetu ni tarehe 21 Juni 2027, tuma barua ya kuthibitisha kwamba unarudi. Hata kama hawajaidai. Inawapa muda wa kumaliza mkataba wa kijana na kumrudisha kaimu mahali pake, na inaondoa kisingizio cha "hatukujua kama utarudi". Wasipojibu tuma tena mwezi mmoja kabla.

Siku yenyewe nenda ofisini kwa miguu yako, na barua ya kuripoti mkononi, uombe igongwe muhuri. Nenda hata kama umeambiwa kwa simu usije, maana usipotokea wanaweza kukuhesabu mtoro na hapo kesi imegeuka. Wakikuzuia getini au wakikuambia nafasi haipo, omba waandike. Wasipoandika, jioni ile ile tuma imeili: leo tarehe fulani saa fulani nimeripoti, nimeambiwa na mwenye cheo fulani hivi na hivi.

Kuanzia hapo unahesabu siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uachishwe, migogoro mingine siku 60. Watu wanapoteza haki yao kwa kusubiri, wanaambiwa "tunalishughulikia, rudi wiki ijayo", wiki ijayo, wiki ijayo, siku 30 zimepita. Endelea kuongea nao, hakuna ubaya, ila ikifika siku ya ishirini hujapata jibu la maandishi nenda kajaze fomu namba 1 ya CMA, mpe mwajiri nakala kwanza na uwe na uthibitisho kwamba kaipokea. Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, na mara nyingi mwajiri akiona nyongeza iliyosainiwa, barua ya Juni na barua ya kuripoti yenye muhuri, anatafuta njia ya kukurudisha au kukulipa bila kufika mbali. Ukiwa na maneno ya mdomo tu utaulizwa ushahidi uko wapi.

Kingine, mwezi wa kwanza ukirudi chungulia salari slipu kama mshahara ni ule ule, na NSSF uangalie kama mchango umeingia kweli na tarehe yako ya kuajiriwa kwenye mfumo wa kampuni bado ni ile ya 2020. Kuna ofisi zinamsajili mtu upya kwenye mfumo wa mishahara kwa uvivu tu wa kufungua faili la zamani, ukigundua ndani ya mwezi wanarekebisha kwa dakika kumi, ukija kugundua siku ya kudai mafao ni safari nyingine kabisa.